Jikoni Mara Mbili kwa Wiki: Jumapili na Jumatano

Jumanne moja usiku nilifungua sufuria ya maharage niliyoyapika Jumapili. Juu kulikuwa na vipovu vidogo vyeupe, na nilipoingiza mwiko, mchuzi ukavutika kama uzi. Harufu yake ilikuwa ya togwa. Maharage ya nazi ya wiki nzima nikayamwaga yote, na friji ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa langu. Sufuria ndefu, imejaa mpaka shingoni, nimeiepua na kuifunika na kuiingiza ndani ikiwa bado ya moto. Pembeni maharage yalipoa, lakini katikati joto lilikaa usiku kucha.

Natoka Kimara kabla ya saa 12 asubuhi, na kurudi kutoka Posta ni saa 2 usiku. Mimi ni mtu mmoja, nina jiko la gesi la plati mbili na friji yenye friza ndogo juu. Napika Jumapili jioni na Jumatano usiku. Hesabu yangu ni milo 12: chakula cha usiku cha Jumapili mpaka cha mchana Jumatano ni 6, kisha cha usiku Jumatano mpaka mchana wa Jumamosi ni 6 mingine. Jumamosi usiku na Jumapili mchana nakula kwa ndugu au popote palipo na watu. Katika milo hiyo 12, miwili tu ndiyo naila ikitoka jikoni. Iliyobaki 10 ni viporo, kwa hiyo kazi kubwa ya utaratibu huu ni kutunza kiporo. Kupika wengi wetu tunajua.

Kwanza, usimalize kupika kila kitu

Tulivyozoea nyumbani, mboga ikibandikwa inaepuliwa ikiwa tayari: imeungwa, ina nazi, ina chumvi yake. Ukipika hivyo kwa siku tatu, kufikia siku ya tatu unakula kitu kilekile kilichochoka. Kibaya zaidi, nazi na nyanya mbichi ndizo zinazochachisha mboga mapema.

Mimi napika vitu vitatu kila kimoja peke yake. Maharage nayachemsha kwa maji tu mpaka yaive. Nyama naichemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Halafu natengeneza rojo la vitunguu na nyanya, sufuria moja nzima. Maharage yakikutana na rojo ni mboga moja, nyama ikikutana na rojo ni nyingine, na rojo lililobaki linasubiri kuku wa Jumatano. Maharage ambayo hayajaungwa yanakaa kwenye friza bila shida yoyote, na siku ukiyatoa unaamua kama yatakuwa ya nazi au makavu.

Sokoni

Kwa mtu mmoja, wiki nzima, nanunua maharage nusu kilo, nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa nusu kilo, nusu kuku wa kisasa aliyekatwa vipande, mchele kilo 1, nyanya kilo 1, vitunguu vikubwa 5, kabichi dogo, karoti 3, mafungu mawili ya mchicha, nazi 1, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Chapati 8 nanunua kwa mama anayezipika mtaani kwetu. Sioni aibu kuzinunua, kwa sababu kukanda na kusukuma chapati kungenila saa nzima ya Jumapili. Nikifika nyumbani nazipanga mbilimbili kwenye mifuko na kuzigandisha. Zikitoka friza zinaenda moja kwa moja kwenye kikaango kikavu, dakika moja kila upande.

Ugali siuweki kwenye mpango. Ukilala unakauka nje na kuwa mgumu, na ukipashwa moto haurudi ulivyokuwa. Mwenye nguvu ya kuusonga usiku wa Jumatatu na ausonge, mboga itakuwepo.

Jumamosi usiku: loweka

Chambua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi usiku kucha. Asubuhi maji yale yamwage, usiyapikie. Hili lisirukwe hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo na kutapisha, na dawa yake ni kuloweka, kumwaga maji, halafu kuchemsha kwa moto mkali wenye mapovu kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage yaliyoachwa yatokote polepole kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kulainika huku sumu ikiwa bado imo.

Jumapili jioni: saa mbili jikoni

Saa 10 kamili nabandika vitu viwili kwa pamoja. Plati ya kwanza ni maharage kwenye sufuria ya presha, maji yayafunike kwa vidole viwili. Sitii chumvi wala nyanya. Ukali wa nyanya unazuia maharage yasilainike, na mtu aliyewahi kuchochea maharage kwa saa tatu bila kuiva mara nyingi alitia nyanya mapema, au alinunua maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu. Presha ikianza kulia nahesabu dakika 20 hadi 25. Plati ya pili ni nyama, imekatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, na maji vikombe 3.

Wakati huo nakaa na kisu. Vitunguu vinne nakata vyembamba, kimoja nakiacha kwa ajili ya kachumbari. Nyanya nakwangua karibu zote, kitunguu saumu na tangawizi natwanga pamoja. Nazi naikuna, nakamua tui zito na jepesi, nayatia kwenye mifuko miwili na kuyaweka friza. Tui lililogandishwa likiyeyuka linajitenga, maji chini na mafuta juu, lakini ukilikoroga kwenye moto mdogo linarudi.

Saa 10 na dakika 40 presha inatoka, na plati hiyo inapokea rojo. Hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Mimina mafuta robo kikombe, tia vitunguu, vikaange dakika 15 kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya kahawia ya asali. Tia kitunguu saumu na tangawizi, geuza mara mbili tatu, kisha nyanya zote na kijiko kidogo cha chumvi. Acha litokote bila mfuniko dakika 25 hadi 30. Mwanzoni litaruka na kuchafua jiko, na sauti yake ni ya maji yanayochemka. Baadaye sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga. Ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na mafuta yanaonekana yamejitenga pembeni. Hapo limeiva. Rojo lililoepuliwa kabla ya hapo bado lina maji mengi, na siku ya tatu utalisikia kwa pua.

Saa 11 na dakika 10 nyama imelainika. Naitoa, mchuzi wake nauhifadhi, na plati ile inabandikwa wali, vikombe 2 vya mchele. Saa 11 na nusu hivi rojo linagawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza linaunga nusu ya maharage, dakika 10 kwenye moto pamoja na maji kidogo yalimochemkia. Fungu la pili linaenda kwenye nyama pamoja na nusu ya mchuzi wake. Fungu la tatu linakwenda kwenye chupa safi ya mdomo mpana na kufunikwa likishapoa.

Mwisho ni mboga za majani. Mchicha napika kiasi cha usiku huo tu, kwa sababu ukilala unatoa maji na kuwa mweusi. Kabichi na karoti ndizo zinazovumilia, nazikaanga dakika 4 na kuziepua zikiwa bado zinalia menoni. Zitamalizia kuiva siku ya kupashwa moto.

Saa 12 jikoni kumetulia, na kabla sijala napoza.

Kupoza

Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Chakula cha moto sana kiko salama, na cha baridi sana kiko salama. Hatari iko katikati, na kazi yako ni kukivusha hapo upesi. Lengo langu ni kwamba ndani ya saa moja tangu kuepua, au mbili kwa kuchelewa sana, kila kitu kiwe ndani ya friji.

Wali naumwaga kwenye sinia na kuutandaza uwe mwembamba, kama ninavyotandaza mchele ninapouchambua, na feni inaupiga. Dakika 15 zinatosha. Wali ndio chakula kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndio unaohitaji umakini kuliko vyote. Mchele una mbegu za kijidudu ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukiachwa kwenye sufuria yenye vuguvugu mpaka asubuhi, mbegu zile zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha moto mpaka uungue haiondoki. Mtu anasema alikula wali wa moto kabisa na bado akatapika. Haukumdhuru kwa sababu ya kupashwa vibaya, uliharibika usiku wake ukiwa kwenye sufuria.

Maharage na nyama naviweka kwenye vibakuli bapa vya mfuniko, kina kisizidi vidole vitatu vilivyolazwa. Vibakuli vinakaa wazi ndani ya beseni la maji baridi, na nakoroga kila baada ya dakika chache. Nikigusa kitako cha kibakuli na mkono hausikii moto, nafunika na kuingiza. Kuna wanaosubiri chakula kipoe kabisa mezani kwa hofu ya kuharibu friji. Vibakuli vidogo vyenye vuguvugu havidhuru friji. Inayodhuru ni sufuria kubwa ya moto kama ile yangu, maana inapasha joto hata vilivyo jirani yake.

Kugawa na kuandika

Sigawi kwa kuangalia chungu, nagawa kwa mlo. Kila kibakuli ni mlo mmoja, na juu yake nabandika kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa siku ya kukila. Siandiki siku niliyopika. "Jumatatu mchana" inaniambia cha kubeba hata nikiwa nimesinzia saa 11 na nusu alfajiri.

Nusu ya kwanza ya wiki inakwenda hivi. Jumapili usiku ni wali, nyama na mchicha, vyote vikitoka jikoni. Jumatatu mchana ni wali, maharage na kabichi, na usiku chapati na nyama. Jumanne mchana ni wali, nyama na kabichi, usiku chapati na maharage. Jumatano mchana ni wali na maharage, lakini wali huo ulikwenda friza tangu Jumapili. Wali wa friji naupa siku mbili tu. Nyama na maharage yaliyoungwa nayapa siku tatu.

Nusu ya maharage ambayo haijaungwa inakwenda friza katika vibakuli viwili, kimoja cha milo miwili na kingine cha mlo mmoja. Usijaze mpaka juu, maji yakiganda yanapanuka na kuvunja kifuniko. Ndani ya friji, vilivyopikwa vikae juu na nyama mbichi au kuku anayeyeyuka akae rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, ili maji yake yasidondokee chakula.

Jumatano usiku: chini ya saa moja

Kazi ya Jumatano inaanza Jumanne kabla ya kulala. Kuku na kibakuli kikubwa cha maharage vinatoka friza na kushuka rafu ya chini. Saa 24 zinatosha kuviyeyusha. Kuku asiyeyushwe kwenye meza ya jikoni mchana kutwa kwa joto la Dar, nje atakuwa ameanza kuharibika huku ndani bado barafu.

Nikiingia saa 2, kabla ya kuvua viatu nabandika. Plati ya kwanza ni kuku na chumvi, kitunguu saumu, ndimu na maji kikombe kimoja, dakika 25. Plati ya pili ni wali, vikombe 2 tena. Naenda kuoga. Nikirudi, rojo la chupa linamiminwa kwa kuku, dakika 10 nyingine, na nachoma kisu kwenye kiungo cha paja. Maji yakitoka meupe kuku ameiva, yakiwa na wekundu bado. Wali ukiepuliwa, plati yake inapokea maharage na tui jepesi. Yakishachemka vizuri natia tui zito, napunguza moto na kukoroga bila kuacha mpaka liive, maana ukiliacha lichemke lenyewe linakatika.

Maharage haya ya nazi nayala milo miwili tu, Jumatano usiku na Alhamisi mchana. Sijaribu tena kuyafikisha Ijumaa. Kuku analiwa Alhamisi usiku, Ijumaa mchana na Ijumaa usiku, pamoja na chapati au wali. Jumamosi mchana ni kibakuli cha mwisho cha maharage, kinachoshushwa kutoka friza Ijumaa usiku na kuungwa kwa kijiko cha rojo nilichokibakiza, pamoja na wali wa friza. Kazi hiyo ni ya kupasha moto tu.

Kazini

Kwenye maikrowevu, chakula kisirundikwe katikati. Kisogeze pembeni libaki shimo katikati kama bwawa, nyunyiza kijiko kimoja cha maji juu ya wali, funika bila kukaza. Dakika 2, koroga, dakika moja na nusu tena. Ukikoroga bila kuona mvuke ukitoka katikati, rudisha. Ukishakipasha kikala joto, kimalize au kimwage. Hakirudi friji kusubiri jioni.

Kama kazini hakuna maikrowevu, hotipoti ya kawaida haitoshi. Kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 7 mchana inashuka mpaka kwenye lile vuguvugu la hatari. Tumia chupa ya chai ya mdomo mpana iliyotengenezwa kwa chakula. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika 10, yamwage, kisha tia chakula kinachochemka na uijaze mpaka karibu na mdomo. Mchana ukifungua, mvuke utoke na kijiko cha kwanza kikulazimishe kupuliza. Kikiwa vuguvugu tu, usikile. Mboga zenye mchuzi zinashika joto kuliko wali, kwa hiyo siku hizo chukua nyama au maharage na chapati.

Kachumbari nakata asubuhi ileile, au naacha kabisa. Nyanya iliyokatwa jana inakuwa maji.

Umeme ukikatika

Friji isiyofunguliwa inatunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inafika kama saa 48, iliyojaa nusu ni saa 24 hivi. Ndiyo maana nafasi tupu ya friza yangu naijaza chupa za maji.

Tatizo ni umeme unaokatika ukiwa kazini na kurudi kabla yako, friji inanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hilo nina kikombe cha maji kilichoganda ndani ya friza, na juu ya barafu nimelaza sarafu ya shilingi 200. Kila jioni nakitazama kabla ya kutoa chochote. Sarafu ikiwa juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa imezama na kugandia katikati ya kikombe, barafu iliyeyuka nusu kisha ikaganda tena. Ikiwa chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka, na kuku na maharage navitupa bila kuvionja. Nimewahi kuikuta chini mara moja. Bila ile sarafu ningekula, maana kuku alikuwa mgumu kama jiwe na hakuwa na harufu yoyote.